Kifuu ndicho kilichonifungulia fumbo mama

Shemeji yangu wa Sengerema hutunga mafumbo kwa mtindo ninaoupenda kuliko yote. Kila fumbo dogo lina jibu lake, kisha majibu hayo kwa pamoja yanaficha jibu moja la mwisho. Sisi tunaliita fumbo mama. Mtindo huu umekomaa sana kwenye msako wa mafumbo wa chuo cha MIT, Marekani, unaofanyika kila Januari tangu 1981.

La karibuni nililifumbua kwenye feri ya Kamanga, nikitoka Mwanza mjini kwenda kwake. Nilikuwa na KOTI, BEGI, JINA na KIFUU kwa mpangilio huo, ila kabla ya KIFUU kulikuwa na fumbo la nne, la herufi nne, ambalo lilinigomea. Chini kabisa aliandika "Huvaliwa na ambaye hakutajwa", na visanduku vitano.

Koti na begi vinakuvuta kwenye mambo ya safari, lakini jina na kifuu havimo humo. Herufi za kwanza, K, B, J, haziendi popote. Za mwisho huwa sizihangaikii, maana maneno yetu karibu yote huishia na irabu, na irabu tupu hazitoshi kuficha neno.

Kwa hiyo nilishika jibu geni kuliko mengine. Kifuu! Mtu wa kanda ya ziwa, minazi yenyewe iko mbali, kwa nini aende kuchukua kifuu cha nazi? Neno la namna hiyo mara nyingi limechaguliwa kwa herufi zake, si kwa maana yake. Nikabadili herufi moja: kifua. Moja inaweza kuwa bahati tu, nikajaribu mengine. Jina, jino. Begi, bega. Koti, goti. Sehemu za mwili zote nne, na kila moja imebadilishwa herufi moja tu. Hapo sikuwa na shaka tena.

Kilichobaki ni kujua herufi zipi zinasomwa. Zilizotoka kwenye sehemu za mwili ni G, A, O na A, hazina neno. Zilizoingia mahali pake ni K, I, A, pengo, kisha U. KIATU! Na ambaye hakutajwa ni mguu.

Sasa jibu likanirudisha kwenye fumbo la nne: nitafute sehemu ya mwili ambayo T ikiingia huzaa neno jingine. Pua hutoa tua, lakini hiyo ni ya herufi tatu. Moyo hutoa moto. Jibu la kurudi nyuma hivi silikubali mpaka liendane na fumbo lake lenyewe, nikasoma tena alichoandika: "Mkali, mwanawe baridi." Moto huzaa majivu.

Nilipofika nilimkabidhi karatasi. Akaitazama, akasema, "Shemeji, la nne umelipata kwa mlango wa nyuma."