Simu inachaji lakini Linux haioni kitu: nilivyoifungua MTP kwenye Debian

Mpakato wenyewe ni wa zamani, RAM GB 2, upo steshenari moja karibu na stendi kuu ya Moshi. Niliuwekea Debian na XFCE, nikakataa vifurushi vya ziada vyote ili usilemewe. Mama mwenye duka alipochomeka simu ili atoe picha za pasipoti za wateja, Thunar, programu ya kufungulia mafaili kwenye XFCE, haikuonyesha chochote. "Mwanangu, simu inachaji vizuri tu, mbona picha hazionekani?"

Kabla sijafika alishashauriwa afomati simu, arudishe Windows, awashe USB debugging. Ushauri huu wa mwisho unaniudhi kuliko yote kwa sababu umeenea mno. USB debugging ni ya adb, chombo cha waunda programu, njia nyingine kabisa. MTP, njia ya kuhamisha faili kati ya simu na kompyuta, haiihitaji, na kumwachia mtu wa kawaida mlango huo wazi kwenye simu ni kumwongezea hatari bure.

Mimi huwa sianzi na Thunar. Naanza chini kabisa, kwenye kernel, nione kama inasikia kitu:

```
sudo dmesg -w
```

Acha dirisha hilo wazi, kisha chomeka simu. Ikisikika, unaona mstari wenye maneno `new high-speed USB device`. Hapa hapakutokea hata mstari mmoja, na simu huku inachaji. Hiyo ni kebo. Kebo ya kawaida ya USB 2.0 ina nyaya nne ndani: mbili za umeme, mbili za data. Zile za kuchaji tu hazina za data, au zimeshakatika ndani karibu na kichwa. Jinsi ya kutofautisha: bonyeza na kupinda kidogo kebo pale inapoingia kwenye simu huku unatazama dmesg. Mistari ikianza kutokea na kupotea, waya umekatika. Ukimya ukiendelea, huenda haikuwa na waya wa data tangu dukani. Kebo nzuri ni elfu chache tu, lakini usinunue kabla hujaijaribu palepale.

Kwa kebo ya pili dmesg iliamka, na `lsusb` ikaionyesha simu kwa namba `04e8:6860`, ambayo ni simu ya Samsung ikiwa kwenye MTP. Thunar bado kimya. Hapa wengi huiendesha Thunar kwa sudo wakidhani ni ruhusa. Haisaidii, kwa sababu kazi ya kuongea na simu inafanywa na gvfs, nayo inaendeshwa ndani ya kikao cha mtumiaji aliyeingia, si cha root.

Ili kuelewa kilichokosekana lazima ujue MTP inafanya nini. Flashi ukiichomeka, kompyuta inakabidhiwa diski nzima na kuisoma yenyewe. Simu za Android za mwanzo zilifanya hivyo pia, lakini diski ikishakabidhiwa kwa kompyuta, simu yenyewe inabidi iiachie, maana mifumo miwili ikiandika diski moja kwa wakati mmoja, data inaharibika. Tangu Android 3.0 ya mwaka 2011 ikaja MTP, na sasa simu ni kama mtunza stoo nyuma ya kaunta. Kompyuta haiingii ndani. Inauliza: una stoo ngapi? Stoo hii ina vitu gani? Nipe kitu namba fulani. Simu inajibu ombi moja baada ya jingine. Ndiyo maana hutaikuta simu kwenye `lsblk` wala huwezi kui-mount kama flashi: hakuna diski iliyotolewa. Panahitajika programu inayojua lugha ya kaunta.

Kwenye Debian programu hiyo ya Thunar imo ndani ya `gvfs-backends`, na ndiyo iliyoachwa nje nilipokataa ziada:

```
sudo apt install gvfs-backends mtp-tools
```

Baada ya hapo toka kwenye kikao kisha ingia tena, la sivyo mlinzi wa vifaa vya MTP haanzi kazi. Niliporudi, ikoni ya simu ilikuwepo pembeni mwa Thunar. Nikaibofya. Folda tupu.

Hapa ndipo palipokula muda. Nilitaka kuiuliza simu moja kwa moja, bila Thunar katikati, kwa `mtp-detect`. Ikarudisha hivi:

```
libusb_claim_interface() = -6
LIBMTP PANIC: Unable to initialize device
```

Neno PANIC linatisha, na watu wengi wakiliona wanahitimisha kwamba simu ni mbovu au Linux haiitambui. Soma ile namba. -6 kwa libusb maana yake kifaa kina shughuli, yaani kuna programu nyingine imeshakishika. Kaunta inahudumia mteja mmoja tu, na aliyekuwa amesimama pale ni gvfs, kwa sababu ya ikoni niliyoibofya mwenyewe dakika moja kabla. Ukiweka jmtpfs au programu nyingine ya MTP juu ya gvfs bila kujua hili, utahangaika kutwa: leo inafungua hii, kesho ile, na zote zinalaumiana. Muondoe aliyetangulia, kisha uulize:

```
pkill gvfsd-mtp
mtp-detect
```

Sasa simu ilijitambulisha vizuri, jina na toleo, lakini chini ya `Storage Devices:` hapakuwa na kitu. Jibu likapatikana papo hapo. Mtunza stoo yupo, anajibu, ila anasema stoo sifuri. Android hufanya hivyo makusudi skrini ikiwa imefungwa, au kama hujaikubalia kompyuta. Nikamwomba mama aweke PIN yake, akavuta taarifa za juu, akachagua kuhamisha faili badala ya kuchaji tu, akagusa Ruhusu. Nikairudia amri, ikatokea `0x00010001`, yaani hifadhi ya ndani. Kama kungekuwa na kadi ya kumbukumbu, ingekuja pia, kwa kawaida kama `0x00020001`.

Basi tukachomoa kebo, tukafungua skrini kwanza, ndipo tukachomeka. Thunar ikafungua DCIM bila shida. Mpangilio huo ndio niliomwandikia kwenye karatasi ukutani, pamoja na mambo mawili. Folda ya Camera yenye picha elfu mbili inachelewa kufunguka kwa sababu kila picha inaulizwa kivyake. Asibofye mara tano, asubiri. Na picha ya kurekebisha aikopi kwanza kwenye kompyuta, airekebishe huko. Programu nyingi hutaka kubadili kipande cha faili katikati, ilhali MTP ya kawaida inatoa na kupokea faili nzima, kwa hiyo ukifungulia moja kwa moja kwenye simu, kuhifadhi kunaweza kugoma.

Kama programu fulani haiioni simu kabisa ilhali Thunar inaiona, ongeza `gvfs-fuse`. Simu itapatikana kama folda ya kawaida hapa, kama namba yako ya mtumiaji ni 1000:

```
ls /run/user/1000/gvfs/
```

Siku ile tulihamisha GB tisa hivi kwa njia hiyo. Kebo ilicheza mara moja katikati, Thunar ikaganda. Nikachomoa, nikachomeka upya, nikafuta ile picha moja iliyokatika upande wa kompyuta, nikaendelea kuanzia hapo.