Chai ya saa nne na nyama ya ndugu

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Video ya wiki hii haifiki dakika mbili. Ni igizo la chumba cha wahasibu, saa nne asubuhi. Chupa ya chai iko mezani pamoja na sahani ya chapati, watu watatu wamekaa, na kiti cha nne ni kitupu. Mwenye kiti anaitwa Zuhura, na amekwenda benki. Salum anaanza:

"Mmemwona Zuhura leo? Kaingia saa tatu, na kazi inaanza saa moja na nusu. Bosi anamlinda yule, hakuna jingine."

Rehema anadakia: "Mimi nilichungulia kitabu cha mahudhurio. Wiki hii mara ya tatu! Halafu juzi aliacha simu mezani, ikaingia meseji ya kudaiwa. Kausha damu wale."

Anainuka, anaigiza Zuhura anavyoingia ofisini mbio mbio, pochi kwapani, mtandio umepinda. Salum anacheka mpaka chai inamwagika. Bi Mwanaidi, mtu mzima kuliko wote, anatikisa kichwa: "Masikini mtoto wa watu. Mume kamkimbia. Tumwombee tu jamani, Allah amfanyie wepesi."

Video inaishia hapo. Wengi wakiulizwa kosa liko wapi husema: lakini hawajasema uongo. Ni kweli hawajasema. Zuhura kachelewa, anadaiwa, na mumewe kaondoka. Na hapo ndipo penye kosa lenyewe. Katika hadithi aliyoipokea Muslim, Mtume (swalla Allahu alayhi wasallam) aliwauliza masahaba kama wanajua kusengenya ni nini, akawaeleza kwamba ni kumtaja ndugu yako kwa jambo analolichukia. Akaulizwa: je, kama analo kweli hilo ninalolisema? Akajibu kuwa kama analo, umemsengenya, na kama hana, umemzulia. Kwa hiyo anayejitetea kwa kusema "si ni kweli lakini?" amekana uzushi na kukiri usengenyaji.

Onyo la wiki hii ni moja, Surat al-Hujurat, aya ya 12:

"Enyi mlioamini! Jiepusheni na dhana nyingi, kwani baadhi ya dhana ni dhambi. Wala msipelelezane, wala msisengenyane nyinyi kwa nyinyi. Je, yupo katika nyinyi anayependa kuila nyama ya nduguye aliyekufa? Mnalichukia hilo!"

Angalieni mpangilio wake, kisha rudini kwenye video. Aya inaanza na dhana, inakuja kupelelezana, ndipo kusengenyana. Salum alianza na dhana: "bosi anamlinda." Hana ushahidi, ana saa ya ukutani tu. Dhana haitulii peke yake, inatafuta cha kuishikiza, ndiyo maana Rehema akafungua kitabu kisicho kazi yake na kusoma meseji isiyo yake. Baada ya hapo masengenyo yalikuwa na mtaji. Anayetaka kujizuia mezani amechelewa. Pa kujizuia ni pale mkono unapokwenda kwenye simu ya mwenzio.

Na kwa nini nyama ya maiti? Wafasiri wameeleza kwamba maiti hahisi anapoliwa wala hawezi kujitetea, kama Zuhura aliye benki. Akiwepo, atasema labda kwamba ana mtoto mgonjwa na aliomba ruhusa. Hayupo, kwa hiyo kila kinachosemwa kinapita.

Sasa itazameni video tena mkiwa mmezima sauti. Lile igizo la Rehema bado linaonekana, na bado ni kusengenya. Katika hadithi ya Abu Daud na Tirmidhi, Bibi Aisha (radhi za Allah ziwe juu yake) alimtaja Bibi Safiyya kwa ufupi wa kimo chake, akaambiwa kwamba neno hilo lingechanganywa na maji ya bahari lingeyabadilisha. Katika hadithi hiyo hiyo alimwigiza mtu, na Mtume akasema hapendi kumwigiza mtu hata angepewa mali kadhaa. Basi tuhesabu pia kukonyeza, kuguna, na vile vikatuni vya kucheka tunavyotupia kwenye kundi la simu mtu akitajwa.

Bi Mwanaidi ndiye mgumu kumwona. Hakucheka wala hakulaumu, kaomba dua. Lakini habari ya mume kuondoka haikuwa imetajwa na mtu yeyote mpaka alipoitaja yeye. Imam Ghazali aliliona jambo hili karne nyingi zilizopita: aibu ya mtu hutolewa ndani ya huruma, na msemaji akaondoka amesengenya na huku amejionyesha kuwa mcha Mungu. Dua ya kweli kwa Zuhura haihitaji wasikilizaji wawili.

Je, basi mtu anyamaze hata kazi ikiharibika? Hapana. Tuseme Salum ana masurufu ya safari ambayo hayajafungwa, kwa sababu hati zake zinamsubiri Zuhura kila asubuhi. Hilo ni lake kulisema. Imam Nawawi ametaja hali sita zinazoruhusu kumtaja mtu asiyekuwepo, na mojawapo ni mwenye haki kupeleka shauri lake kwa anayeweza kulitatua. Hind bint Utba alimwendea Mtume akasema mumewe Abu Sufyan ni bahili, hampi yeye na mwanawe cha kuwatosha. Hakukemewa kwa kumtaja, aliambiwa achukue kinachomtosha yeye na mwanawe kwa wema. Alilipeleka kwa mwenye kuamua, akataja kasoro inayohusu swali lake, akaishia hapo. Salum naye aende kwa mkuu wa kitengo: "Hati zangu mbili zina siku nne hazijasainiwa, naomba msaada." Mikopo haimo, mume hayumo, na saa tatu itatajwa ikiulizwa tu.

Kwa aliyekaa mezani akisikiliza, Nawawi anasema akatae kwa ulimi, akishindwa aondoke, na akishindwa hilo pia achukie moyoni na ajishughulishe na dhikri. Kwa rika lako sema: "Mwenyewe hayupo, tumwache." Kwa mkubwa kama Bi Mwanaidi maneno hayo ni mazito kwa kijana, basi muulize jambo la kazi linalotaka jibu: "Bi Mwanaidi, zile risiti za mafuta tunazipeleka leo?" Mara nyingi linatosha. Lakini kusema "jamani tuache" huku masikio yamesimama, Ghazali anauita unafiki.

Yakishatoka, toba ina sharti la ziada kwa sababu ni haki ya mja. Kuna wanazuoni wanaotaka umwendee uliyemsengenya akusamehe. Wengine, akiwemo Ibn Taymiyya, wanasema kama habari haijamfikia usimpelekee, maana utamuumiza upya na kuzua uadui. Muombee maghfira, na umtaje kwa wema wake pale pale ulipomtaja kwa ubaya. Kauli hii ya pili ndiyo inayofaa zaidi ofisini, kwa sharti kwamba wema unaoutaja uwe wa kweli na wasikilizaji wawe wale wale: Salum na Rehema, kwenye chai, si mkeo nyumbani. Kama habari imemfika Zuhura, njia hiyo haitoshi. Mwendee faragha, mwambie ulimsema na unaomba akusamehe. Akikuuliza uliambiwa nini na nani mwingine alikuwepo, jibu la upande wako tu, maana kuwataja wengine ni kuanzisha namima.