Jinsi nilivyoitambua PS2 niliyoitaka kwa kutazama picha ya matundu yake

Nilikuwa nikitafuta PS2 iliyokwisha kutumika ambayo ingekubali kuwekewa diski ngumu ndani yake, nami nikiwa Morogoro sikuweza kusafiri hadi Dar es Salaam kila muuzaji aliponitumia tangazo. Ilinibidi nijifunze kuamua kwa picha tu. Watu wengi hapa kwetu huchezea gemu za PS2 kwenye flashi, na kwa gemu nyingi flashi inatosha, lakini matundu ya USB ya mashine hii ni ya kiwango cha zamani cha 1.1, kwa hiyo data hupita polepole na vipande vya video vilivyo kati ya hatua za gemu hukwamakwama. Diski ngumu iliyofungwa ndani haina shida hiyo. Tatizo ni kwamba si kila PS2 ina mahali pa kuiweka, na wauzaji wengi huandika tu "PS2 kali, haina shida", bila kutaja ni toleo gani.

Hatua ya kwanza ilikuwa rahisi, nayo ni kuzitenga zile nyembamba zilizoanza kuuzwa mwaka 2004. Hizo huzikosei hata kwenye picha mbaya, kwa sababu mfuniko wake hufunguka kwa juu, ilhali ile kubwa ina trei inayotoka mbele. Sikuzihitaji, kwa kuwa hazina nafasi ya diski ndani. Zile kubwa ndizo zinazodai macho makali, kwa maana kwa mbele zinafanana mno, na muuzaji karibu kila mara hukutumia picha ya mbele, pedi zikiwa zimepangwa juu yake.

Kinachoamua kiko nyuma. PS2 kubwa kuanzia mfululizo wa SCPH-30000 hadi SCPH-50000 ina uwazi mpana wenye kifuniko cha plastiki kilichoandikwa EXPANSION BAY. Hapo ndipo inapoingia adapta ya mtandao, kifaa kilichouzwa peke yake, na diski ngumu ya inchi 3.5 hushikizwa kwenye adapta hiyo kisha vyote viwili husukumwa ndani pamoja. Mashine za mwanzo kabisa zilizouzwa Japani, yaani SCPH-10000, SCPH-15000 na SCPH-18000, hazina uwazi huo. Mahali pake zina tundu jembamba la kuingizia kadi, lililoandikwa PC CARD. Kwa kuwa mizigo ya mitumba kutoka Japani hufika kwetu, nilichukulia kwamba PS2 kubwa yoyote ambayo sijaiona mgongo inaweza kuwa mojawapo ya hizo, na sikuzungumza bei kabla ya kupata picha ya nyuma.

Picha yenyewe niliiomba kwa maelezo, kwa sababu ukimwambia mtu "nitumie ya nyuma" atakutumia kitu chenye ukungu alichokipiga usiku chini ya taa. Niliandika hivi: "Habari za leo, kaka. Naomba uigeuze mashine, uipige picha ya nyuma mchana karibu na dirisha, bila kuwasha taa ya simu, na kando yake uweke karatasi yenye tarehe ya leo." Taa ya simu hung'aa juu ya lebo na kufuta maandishi yote, nayo lebo ndiyo niliyokuwa naifuata. Karatasi ya tarehe ilikuwa ya kuhakikisha kwamba mashine iko mikononi mwake, si picha iliyookotwa mtandaoni. Wapo walioacha kujibu baada ya ombi hilo, nami sikuwafuata tena.

Lebo ya nyuma huwa na namba ya modeli inayoanza na SCPH, na tarakimu yake ya mwisho huonyesha soko ambalo mashine ilitengenezewa: 0 ni Japani, 1 ni Marekani, 3 ni Uingereza, 4 ni nchi nyingine za Ulaya. Jambo hili lina uzito kwetu kuliko mtu anavyodhani, kwa sababu PS2 kubwa hubeba pawa saplai yake ndani, nayo hutengenezwa kwa umeme wa soko lake. Ile ya Japani ni ya volti 100, ya Marekani ni ya volti 120, ya Ulaya ni ya volti 220 hadi 240. Tundu la umeme ni lilelile kwa zote, la umbo la nane, na waya wa redio wowote ulio nyumbani unaingia bila kusukumwa. Mashine ya Marekani basi itakubali waya wako vizuri kabisa, kisha itaungua ukishaichomeka ukutani kwenye volti 230.

Ndiyo maana tarakimu moja haikunitosha. Katika picha iliyokuzwa kwenye kioo cha simu, 1 na 4 huchanganyika, hasa lebo ikiwa imechubuka. Muuzaji mmoja alinitumia mashine safi sana, uwazi wa nyuma ukiwa na kifuniko chake, naye akaandika kuwa ni 39004. Mimi niliona kitu ambacho kingeweza kuwa 39001. Badala ya kubishana juu ya tarakimu nilimwomba asogeze simu kwenye mstari wa volti, ambao uko kwenye lebo hiyohiyo, na pale palisomeka wazi 120V. Nilimweleza kwa upole kwamba mashine inahitaji transfoma ya kushusha umeme na kwamba mteja atakayefuata aambiwe hivyo. "Sawa, mkuu, hata mimi sikujua," alijibu, nami naamini hakujua kweli, kwani mashine ilikuwa imeletwa na ndugu yake na haijawahi kuwashwa hapa nchini.

Hata lebo ikisomeka vizuri, bado ni karatasi tu iliyobandikwa kwenye plastiki, na plastiki hubadilishwa. Mafundi huchukua ganda la mashine iliyokufa na kulivisha nyingine, na hilo si kosa lenyewe, ila baada ya hapo lebo haisemi tena kilichomo ndani. Hapo nilihitaji kitu kilichochomewa kwenye bodi, ambacho hakihami pamoja na ganda, na PS2 kubwa ina kitu kama hicho upande wa mbele. Karibu na matundu mawili ya USB, mashine za mfululizo wa 30000 hadi 39000 zina tundu dogo la tatu, la mstatili, jembamba kuliko ya USB, lililoandikwa S400. Sony waliliondoa kwenye mfululizo wa 50000. Kwa hiyo picha mbili, ya mbele na ya nyuma, hukaguana zenyewe: lebo ikisema 39 na kitu, tundu la S400 sharti liwepo, ikisema 50 na kitu, sharti lisiwepo.

Faida ya ukaguzi huu niliiona kwenye mashine ambayo kwa kila hali ilikuwa ndiyo. Bei ilikuwa nzuri, nyuma palikuwa na EXPANSION BAY, lebo ilisomeka SCPH-50004, na mstari wa volti ulisema 220 hadi 240. Nilipokuza picha ya mbele nikaona matundu matatu, na ndani ya lile dogo ukingo wa chuma uking'aa, kwa hiyo hayakuwa maandishi tu yaliyobaki kwenye plastiki. Bodi yenye S400 haiwezi kuwa ya 50004. Nilimuuliza muuzaji bila kumtuhumu: "Kaka, mashine hii imewahi kufunguliwa?" Akasema ndiyo, fundi alikuwa na mashine mbili mbovu akaunganisha moja nzima. Inawezekana ilikuwa inafanya kazi vizuri tu. Lakini sikuwa na njia ya kujua pawa saplai iliyowekwa ilitoka kwenye mashine ipi, na lebo ya volti ilikuwa imepoteza thamani yake, basi nikaiacha.

Kuna mwenzangu aliyekuwa akitafuta kwa wakati uleule ambaye yeye flashi ilimtosha, na akapenda ile nyembamba kwa kuwa hubebeka. Kwake matundu yalikuwa na kazi nyingine. PS2 nyembamba nyingi hupata umeme kupitia adapta ya nje, na nyuma zimeandikwa DC IN 8.5V. Mfululizo wa mwisho, SCPH-90000, una pawa saplai ndani, kwa hiyo nyuma utaona tundu la umbo la nane. Ukiliona kwenye mashine nyembamba, tafuta kwenye lebo msimbo wa tarehe wenye tarakimu na herufi, kama 8B au 8D, ambapo tarakimu ni mwaka na herufi ni robo ya mwaka. Memori kadi yenye Free McBoot, ambayo ndiyo huwezesha mashine isiyochezewa bodi kufungua gemu za flashi, hufanya kazi kwenye zile za 8B na za kabla yake. Zile za 8D na za baadaye zina programu ya ndani ya toleo la 2.30, ambalo liliziba njia hiyo, na za 8C huangukia upande wowote. Baadaye zilitengenezwa njia nyingine za kuzifungua, lakini muuzaji anayekuuzia mashine pamoja na memori kadi ya Free McBoot kwa 90004 ya 8D anakuuzia kadi ambayo haitafanya kazi humo. Mwenzangu alichagua yenye DC IN na kuachana na hesabu hizo.

Mimi hatimaye nilipata SCPH-39004. Picha ya mbele ilikuwa na S400, ya nyuma ilikuwa na mstari wa 220 hadi 240, na kifuniko cha uwazi hakikuwepo, jambo lililonifaa kwa kuwa niliweza kumwomba muuzaji amulike ndani na kunionyesha kiunganishi ambacho adapta hujishika nacho. Kilikuwa kizima, hakikuwa na kutu wala vumbi lililoganda. Jambo moja ambalo hakuna picha itakayolionyesha ni uchovu wa lenzi, kwa hiyo kwa hilo nilitaka video fupi ya mashine ikisoma gemu ya sahani ya DVD tangu inapowashwa, na mkono wa muuzaji uonekane ukiweka sahani hiyo kwenye trei. Aliituma jioni ileile, na kesho yake nikalipa, naye akaupeleka mzigo kwenye basi la Morogoro.