Paka anakoroma, na bado anaumwa

"Mwache, huyo katulia. Husikii anavyokoroma?" Kauli hii husemwa katika nyumba nyingi za huku Mtwara paka anaporudi ameumia, akajikunja uvunguni mwa kitanda, na mkoromo wake ukasikika hadi mlangoni. Jioni hii nimeiwaza sana, kwa sababu ndiyo inayomchelewesha paka kutibiwa. Paka hukoroma akiwa na raha, ni kweli. Hukoroma pia akiwa na njaa, akiwa na hofu, akiwa na uchungu wa kuzaa, na hata akiwa mahututi.

Sauti yenyewe hutoka kwenye zoloto. Nyuzi za sauti hujifunga na kufunguka mara 25 hadi 30 kwa sekunde, na hewa inapita hapo ikikatwakatwa. Hufanya hivyo paka anapovuta pumzi na anapoitoa, ndiyo maana mkoromo huendelea dakika nyingi na ukiweka mkono kifuani unahisi kituo kifupi tu pale pumzi inapogeuka. Kwa muda mrefu maelezo yaliyokubalika ni kwamba ubongo huagiza kila mtetemo, misuli ya koo ikikazwa na kulegezwa kwa amri zisizokoma. Mwaka 2023 Christian Herbst wa Chuo Kikuu cha Vienna na wenzake walichukua zoloto za paka 8 waliokwisha kufa, wakapuliza ndani yake hewa yenye joto na unyevu. Zilitoa mitetemo ileile, bila ubongo na bila misuli kufanya kazi. Ndani ya nyuzi za sauti walikuta uvimbe mdogo wa asili unaoziongezea uzito, na kitu kizito hutetema polepole. Hilo halithibitishi kwamba katika paka aliye hai misuli haihusiki, lakini linanifanya niamini kwamba kukoroma hakumgharimu paka nguvu nyingi. Paka aliyeishiwa nguvu za kulia bado anaweza kukoroma.

Sababu ya kukoroma wakati wa shida naona inaanzia kwenye ziwa la mama. Mtoto wa paka huzaliwa macho yamefumba na masikio hayasikii, lakini siku chache tu baada ya kuzaliwa huanza kukoroma akiwa ananyonya. Hawezi kunyonya na kulia kwa wakati mmoja, kukoroma anaweza. Mama naye hukoroma, na watoto huuhisi mtetemo wa mwili wake kabla hawajaweza kuusikia. Kwa hiyo tangu mwanzo mkoromo unasema "nipo, kaa karibu nami". Paka mzima aliyevunjika mguu anaposema hayo hayo, hana raha, anahitaji mtu. Huenda pia anajituliza mwenyewe, maana paka jike hukoroma akizaa peke yake ghalani, pasipo wa kumwita.

Yapo pia maelezo kwamba mkoromo huponya mifupa, kwa kuwa mitetemo ya kiwango hicho imewahi kujaribiwa katika tiba ya mifupa. Dhana hiyo inapendeza, lakini haijaonyeshwa kwamba paka anayekoroma hupona haraka kuliko asiyekoroma. Usimwache paka ajitibu kwa mkoromo.

Mkoromo wa njaa una dalili yake. Anayetoka sokoni Feri na mfuko wa vibua anaujua: paka anajisugua miguuni, anakoroma, na ndani ya mkoromo kuna mlio mwembamba kama wa kulia. Mwaka 2009 Karen McComb wa Chuo Kikuu cha Sussex na wenzake waliupima mlio huo na kuukuta kwenye mitetemo kama 380 kwa sekunde, karibu na kilio cha mtoto mchanga. Watu waliosikilizishwa, hata wasiowahi kufuga paka, waliona mkoromo huo una dharura zaidi kuliko ule wa kupumzika. Mlio mwembamba ulipoondolewa kwenye rekodi, dharura ikapungua. Paka akikukoromea hivyo, mpe chakula uone. Akila, basi ilikuwa njaa. Akikinusa akakiacha, na bado anakoroma, hapo ndipo pa kuangalia kwa makini. Paka asiyekula siku nzima anahitaji kuonwa na daktari wa mifugo, hasa akiwa mnene, maana mafuta hukimbilia kwenye ini na kuliharibu.

Sasa chukua paka aliyegongwa na bodaboda barabara ya Mikindani. Hana jeraha la wazi, amejikokota hadi nyumbani, yuko uvunguni, anakoroma. Usimvute. Lala chini umtazame usoni kutoka mbali kidogo, wakati hajilambi na hajasinzia. Kuna mambo matano ya kuangalia, kwa kipimo kilichotengenezwa Chuo Kikuu cha Montreal na kuchapishwa mwaka 2019. Masikio ya paka asiye na maumivu husimama yakielekea mbele. Ya mwenye maumivu hutanuka pembeni na kuachana. Macho hukazwa nusu kufumba. Pua na mdomo, ambavyo kwa kawaida ni vya mviringo, hubanwa na kuonekana bapa. Sharubu hunyooka na kuelekea mbele badala ya kulegea kwa mpindo. Kichwa hushuka chini ya usawa wa mabega. Kila kimoja kipe 0 kikiwa hakipo, 1 kikiwa kidogo au una shaka, na 2 kikiwa wazi. Tuseme huyu wetu masikio ni 1, macho 2, mdomo 1, sharubu 0, kichwa 2. Jumla ni 6 kati ya 10. Kuanzia 4 paka anahitaji dawa ya maumivu, hata kama anakoroma kwa sauti ya kujaza chumba.

Kisha tazama ubavu, si koo. Hesabu unapopanda kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili. Paka aliyetulia hupumua kama mara 15 hadi 30 kwa dakika. Mkoromo huvuruga hesabu hiyo, kwa hiyo ukikatika kidogo ndipo uhesabu. Akipumua kwa kinywa wazi, au fizi zake zikiwa nyeupe, usingoje asubuhi.

Hapa ndipo kosa kubwa hufanyika: mtu humwonea huruma akampa panadol. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo. Damu hushindwa kubeba oksijeni, fizi zinakuwa za kahawia, uso unavimba, na kidonge kimoja kinatosha kumuua. Dawa ya maumivu ya paka itoke kwa daktari wa mifugo.

Mpeleke ndani ya katoni iliyotobolewa matundu, chini kanga iliyokunjwa, umwinue kwa kuingiza mikono yote miwili chini ya mwili. Njiani atakoroma, na mezani kwa daktari ataendelea, naye daktari hatausikia moyo wala mapafu, maana mkoromo hufunika kila kitu. Usishangae akikuomba umimine maji kutoka kwenye jagi hadi kwenye beseni karibu na paka, au akimpulizia pumzi taratibu puani. Paka wengi hunyamaza ghafla kusikiliza. Sekunde 15 za kimya zinatosha: daktari anahesabu mapigo na kuzidisha kwa nne.