Rezista iliyonitoa moshi Mwanjelwa

Mwaka 2011 nilikuwa najifunza ufundi kwenye kibanda kimoja Mwanjelwa, mwezi wa sita, ile baridi ya Mbeya ambayo ukishika mkasi unahisi umeshika barafu. Ikaja inveta ilianguka, ndani rezista moja, kile kidude cha kubana umeme ambacho namba yake unaisoma kwa mistari ya rangi, mguu umekatika pale pale shingoni. Fundi akanambia tafuta ya namna hii kwenye kopo uiweke, mimi naenda kunywa chai.

Rezista za mistari minne nilishazizoea, ule wa goldi unauweka mkono wa kulia, unaanza kusoma kushoto, basi. Sasa hii ilikuwa ya bluu, mistari mitano, goldi hakuna, na huku kahawia na huku kahawia! Nikasoma tu vile nilivyoishika: kahawia, nyekundu, nyeusi, nyeusi, kahawia. Moja, mbili, sifuri, mstari wa nne unasema uongeze sifuri ngapi, nyeusi ni hakuna, kwahiyo om 120. Kwenye kopo 120 zilikuwepo, nikaona mambo si ndo hayo, nikalehemu, nikawasha.

Moshi. Rezista imeungua na ile transista ya rilei imekufa hapohapo.

Fundi karudi na kikombe mkononi, hata hakugomba, akaokota ile ya zamani akaisogeza kwenye mwanga wa mlango. "Gwe, umeanzia wapi kusoma?" Nikamwonyesha. Akasema angalia vizuri, mistari minne imekaa karibu karibu, huu mmoja umejitenga kidogo, huyo aliyejitenga ndo wa mwisho, hauhesabiwi kwenye namba, kazi yake kusema rezista inaweza kupishana kiasi gani, kahawia ni asilimia 1. Haya igeuze. Kahawia, nyeusi, nyeusi, nyekundu: 100 na sifuri mbili, yaani om 10,000.

Nilichoka. Pale kwenye transista volti 12 zilitakiwa zipitishe kama miliampia 1 tu, mimi nimeziachia kama 94, na kirezista cha robo wati nimekibebesha wati nzima.

Nikamuuliza, sasa kama huo mwanya hauonekani? Maana kweli zipo ambazo mistari imebanana yote sawa. Akasema jaribu kusoma pande zote mbili, upande ukianza na nyeusi au goldi ujue umeshika kinyume, lakini hii yako inakubali kote, 120 wanatengeneza na elfu 10 wanatengeneza, hapo macho hayakusaidii, chukua mita. Akagusisha mita kwenye kile kishina cha mguu, ikasoma kilo-om 9.96.

Mita yenyewe ilikuwa mezani muda wote, imefunikwa na sweta langu. Hela ya transista alinikata kwenye posho ya jumamosi.