Nilivyoomba msamaha wa chanjo ya homa ya manjano kazini

Barua ya kwanza ya daktari niliyoipeleka ofisini ilikuwa na mistari miwili tu: "Mtajwa hapo juu ni mgonjwa wetu. Kwa sababu za kiafya anashauriwa asichanjwe." Ilikuwa na muhuri, saini na tarehe, nikatoka pale kituo cha afya nikiamini mambo yamekwisha. Kesho yake ilirudishwa. Afisa utumishi aliniambia, "Dada yangu, hata dereva anayeogopa sindano anaweza kuniletea karatasi kama hii." Niliumia sana siku ile, lakini nilipoisoma tena usiku niliona hakuwa ameonea mtu. Barua haikusema ni chanjo ipi, haikusema kwa nini, wala haikusema mpaka lini.

Nafanya kazi Dodoma kwenye kampuni ya usafirishaji. Malori yetu hupita Iringa, Mbeya na Tunduma, yakavuka Zambia hadi Kasumbalesa, mpaka wa Kongo. Mimi ni mratibu wa nyaraka, na mara moja moja hutumwa hadi mpakani mizigo inapokwama. Kongo inamtaka kila anayeingia awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ile kadi ya njano. Baada ya madereva wetu wawili kuzuiliwa kwa kukosa kadi, uongozi ulibandika tangazo: kila mtu wa idara ya uendeshaji awe amechanjwa ndani ya siku 21, na asiye na kadi atakaa nyumbani bila malipo mpaka aipate.

Wenzangu walienda wakachanjwa, wakarudi na kadi. Mimi sikuweza, kwa sababu naishi na figo ya kaka yangu.

Nilipandikizwa kabla sijaajiriwa hapa. Watu wengi hawajui kwamba huduma hii ipo hapahapa Dodoma. Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza kupandikiza figo mwaka 2018. Ukishapandikizwa unameza dawa za kushusha kinga maisha yako yote. Mimi natumia takrolimasi saa 2 asubuhi na saa 2 usiku, pamoja na maikofenoleti na kidonge kidogo cha prednisoloni. Simu yangu hulia saa hizo mbili hata nikiwa kanisani. Kazi ya dawa hizo ni kuuzuia mwili usiitambue figo ya kaka kuwa ni mgeni ukaanza kuishambulia.

Tatizo la chanjo ya homa ya manjano linaanzia hapo. Siku nilipokwenda kliniki na ile barua iliyokataliwa, nilimuuliza daktari wangu bingwa, "Dokta, mbona ya homa ya ini nilichanjwa wakati nasafishwa damu, na ya uviko nilichanjwa baada ya upandikizaji, na sikudhurika?" Akanieleza kwa utulivu kwamba hizo hazina kirusi hai. Ya homa ya manjano inayo. Ni kirusi kilichodhoofishwa, na kinatakiwa kizaliane kidogo mwilini kwa siku chache ili kinga ijifunze kukitambua. Kwa mtu mwenye kinga kamili huishia hapo, na ndiyo maana chanjo hii imewasaidia mamilioni ya watu. Kwangu mimi kinga imefungwa mikono. Kirusi kinaweza kuendelea kuzaliana bila wa kukizuia, kikafika kwenye ini au ubongo.

Nilimwambia pia kuhusu ushauri nilioupata ofisini. Afisa utumishi, kwa nia njema kabisa, alikuwa amenishauri niache dawa wiki mbili, nichanjwe, kisha niendelee. Daktari aliweka kalamu chini. "Ukiacha hizi dawa wiki mbili," akasema, "tutakuwa hatuzungumzii chanjo tena, tutakuwa tunazungumzia kurudi kwenye mashine." Naandika haya kwa ajili ya mtu mwingine atakayepewa ushauri kama huo. Usiguse dawa zako kwa neno la mtu wa ofisini, hata awe anakupenda namna gani.

Tukakaa kuandika barua upya. Kliniki siku hiyo ilikuwa imejaa, lakini alinipa kama dakika 20, na naamini dakika hizo ndizo zilizookoa ajira yangu. Kwanza aliitaja chanjo kwa jina, akaandika kwamba ni ya kirusi hai. Halafu akaeleza sababu: kwamba natumia dawa za kushusha kinga kwa kudumu, kwamba haziwezi kusimamishwa, na kwamba kwa mgonjwa wa namna hii chanjo hai hazitolewi. Neno "anashauriwa" akalikataa. Alisema ukiandika "anashauriwa", mwajiri atasoma kwamba mgonjwa ana uchaguzi. Akaandika "hatakiwi kupewa".

Sehemu niliyoiona kuwa na busara zaidi ni ile iliyofuata. Aliandika nisichoruhusiwa, kisha akaandika ninachoruhusiwa. Barua ilisema hivi: "Katazo hili linahusu chanjo zenye vimelea hai pekee. Anaweza kupewa chanjo zisizo na vimelea hai, ikiwemo ya pepopunda, ya homa ya ini B na ya uviko." Sentensi hizo mbili zilibadilisha namna nilivyoonekana pale ofisini. Kabla yake nilikuwa mtu anayekataa chanjo. Baada yake nilikuwa mgonjwa mwenye katazo moja linaloeleweka. Niliambatanisha na kadi yangu ya chanjo za nyuma waione.

Kuhusu muda, fomu ya kampuni ilikuwa na kisanduku cha "msamaha unaisha lini". Daktari akaandika "kudumu, kwa muda wote atakaokuwa anatumia dawa tajwa". Ingekuwa mtu anayetumia prednisoloni nyingi kwa ugonjwa wa muda, angeandikiwa tarehe ya kupimwa upya, kwa sababu baada ya kuacha dawa na kusubiri muda atakaoelekezwa huenda akachanjwa. Kwangu mimi tarehe yoyote ingekuwa uongo.

Sasa niseme lililoniuma zaidi, kwa sababu lilitokana na uzembe ambao ungeweza kuzuilika. Ile barua ya kwanza, pamoja na fomu niliyojaza kwa mkono wangu nikaandika "natumia dawa za kushusha kinga", vilikaa wazi kwenye trei ya mezani siku nzima. Jioni dereva mmoja ninayemheshimu kama kaka akanivuta pembeni karibu na geti, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, ni ule ugonjwa wetu wa siku hizi?" Alimaanisha ukimwi. Wala hakuwa na ubaya; alitaka kunielekeza kliniki anayoijua. Lakini ndani ya siku mbili kila mtu alikuwa na jibu lake kuhusu mimi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amenisikia nikisema lolote.

Kwa hiyo barua ya pili sikuipeleka mezani. Niliomba ziwe mbili. Ya kwanza, fupi, ilikwenda utumishi: jina la chanjo, kwamba kuna katazo la kitabibu la kudumu, chanjo zinazoruhusiwa, na mipaka ya kazi. Haikutaja figo wala dawa. Ya pili, yenye ugonjwa, dawa na vipimo, ilikuwa kwenye bahasha iliyogundishwa na kuandikwa SIRI, nikamkabidhi mkononi daktari anayehudumia wafanyakazi wa kampuni, naye akaithibitishia utumishi kwa sentensi moja kwamba sababu ameiona na ni ya kweli. Utumishi walipotaka nakala ya ile ndefu, nilijibu kwa maandishi, kwa adabu, kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na kwamba uamuzi wao hauhitaji kujua zaidi ya alichothibitisha daktari wao. Hawakuomba tena.

Kwenye ombi langu niliongeza aya moja ambayo haikutoka kwa daktari bali nilimuuliza kama ni sahihi, akasema ni sahihi. Homa ya manjano haiambukizwi kwa kukaa dawati moja na mgonjwa wala kwa kushikana mikono. Inaletwa na mbu, na kwa hapa kwetu Tanzania Shirika la Afya Duniani linahesabu hatari yake kuwa ndogo. Kwa hiyo mimi kutochanjwa hakumweki mwenzangu yeyote wa Dodoma kwenye hatari. Anayeweza kudhurika ni mimi mwenyewe, tena nikipelekwa Kongo. Hoja hii meneja aliielewa mara moja, kwa sababu mpaka hapo alikuwa anafikiria chanjo zote kama ya uviko.

Likabaki suala la mpakani. Kanuni za Afya za Kimataifa zinaruhusu mtu kubeba maelezo ya daktari, kwa Kiingereza au Kifaransa, kwamba chanjo haimfai, na maofisa wanatakiwa kuyazingatia. Kwa muda nilidhani hilo lingeniwezesha kuendelea na safari. Daktari wa kituo cha chanjo alinirekebisha: kuzingatia si kuruhusu. Nchi unayoingia bado inaweza kukuweka chini ya uangalizi hadi siku 6, au kukurudisha. Na hata wangenipitisha, ningeingia kwenye eneo lenye ugonjwa wenyewe bila kinga yoyote. Barua inakulinda na sindano, haikulindi na mbu.

Kwa hiyo nilichoomba si kubaki kama nilivyokuwa. Niliomba nisichanjwe, na nisitumwe kuvuka mpaka. Niliandika mwenyewe pendekezo la nani achukue safari zangu za Kasumbalesa na mimi nichukue nini kwake: nyaraka zake zote za Dodoma na foleni ya simu za usiku. Nadhani hilo lilimrahisishia meneja kukubali kuliko kitu kingine chochote, kwa maana hakubakiwa na shimo la kuziba.

Jibu lilikuja siku ya 19 kati ya zile 21. Wakati nasubiri nilikuwa nimeshakwenda kwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, akaniambia nitunze kila karatasi yenye tarehe, kwa sababu nikiachishwa kazi nina siku 30 za kulalamika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Sikufika huko. Nilipewa msamaha kwa maandishi, mshahara haukuguswa. Posho za safari zimekwenda, na hilo linauma kila mwisho wa mwezi, maana zilikuwa zinalipa nauli za kaka anapokuja kliniki kupimwa figo yake iliyobaki.

Mwezi uliopita utumishi wamebadilika, akaja kijana mpya, akanitumia fomu nijaze tena kisanduku cha "msamaha unaisha lini". Nimeirudisha na nakala ya barua fupi na uamuzi wa meneja, juu yake nimeandika kwa kalamu nyekundu: kudumu.