Jinsi nilivyoacha kukwama kwa mama wa stoo Kampala

Wiki tatu za kwanza kazini Kampala, hati zangu za kutoa mzigo zilikuwa zikilala mezani kwa mama wa stoo hadi saa kumi jioni. Za wenzangu zilitoka ndani ya nusu saa.

Nilijaribu kuwahi asubuhi, wapi! Nikatuma baruapepe na kumnakili bosi, mambo yakazidi kupoa. Nikapeleka soda, akashukuru, hati ikalala palepale.

Siku moja nikamtazama mwenzangu anavyoingia. Karatasi ameibana kwapani. Akasema, "Gyebale ko, nnyabo," yaani pole na ahsante kwa kazi. Mama akajibu, "Kale, naawe gyebale." Wakaulizana ya nyumbani, wakaitikiana "mmm", "eee", mpaka zile "mmm" zikaisha zenyewe. Ndipo karatasi ikatoka.

Mimi mtu wa Mombasa nilijiona bingwa wa salamu, kumbe "habari ya asubuhi" yangu ilikuwa ikitoka pamoja na mkono wenye karatasi. Tena kwa Kiswahili, ambacho hapa baadhi ya watu bado hukihusisha na askari.

Kesho yake nikafanya vilevile, kwa Luganda changu cha kuombea maji. Akacheka, akanirekebisha matamshi, akagonga muhuri kabla ya chai ya saa nne.

Kukiwa na foleni, salamu hufupishwa, lakini karatasi bado husubiri kwapani.